Nyumba na Matumizi: Chakula cha Juma Moja kwa Mlinzi wa Usiku

Mlinzi mmoja wa Nakuru, alindaye ghala la mbao kuanzia saa kumi na mbili jioni hata saa kumi na mbili asubuhi, ameuliza swali ambalo walinzi wengi huulizana langoni. Mshahara wake, baada ya makato, ni shilingi 14,500 kwa mwezi. Hulipa kodi ya chumba kimoja, hupeleka fedha kwa mkewe na watoto walioko shambani, na kinachobaki hukitumia kwa chakula. Hata hivyo nguo zake zinampwaya, na ifikapo saa tisa ya usiku miguu humlegea. Yeye hudhani kwamba hali chakula cha kutosha. Aliandika mambo yote anayokula kwa siku, pamoja na bei ya kila kitu, na karatasi hiyo ndiyo iliyoonyesha mambo yalivyo.

Asubuhi akitoka kazini hunywa chai ya maziwa kwa shilingi 20 na kula mandazi mawili kwa shilingi 20. Jioni kabla ya zamu hula ugali na sukuma wiki hotelini kwa shilingi 90. Usiku hununua katika kibanda kilicho mkabala na ghala: vikombe viwili vya chai, mandazi matatu na chupa ndogo ya soda, jumla shilingi 110. Hizo ni shilingi 240 kwa siku, au shilingi 1,680 kwa juma.

Sasa chakula hicho kipimwe kwa namna nyingine. Wanga ndiyo sehemu ya chakula itiayo nguvu ya kufanya kazi, na hupatikana katika unga, viazi, mchele na sukari. Protini ndiyo ijengayo misuli na kuufanyia mwili matengenezo, nayo hupatikana katika kunde za namna zote, samaki, mayai, maziwa na nyama. Chakula cha mlinzi huyu kilikuwa na wanga wa gramu 428 hivi kwa siku, ambao wamtosha kabisa. Lakini protini yake ilikuwa gramu 49 tu, na sehemu kubwa yake ilitoka katika ngano na mahindi. Mtu mzima mwenye afya huhitaji gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na mlinzi huyu, mwenye kilo 65, ahitaji gramu 54 kwa uchache. Yafaa apate zaidi ya hizo, kwa kuwa protini ya nafaka na kunde haisagiki tumboni yote kama ile ya mayai au samaki.

Basi mlinzi huyu hana upungufu wa chakula kwa jumla. Upungufu wake ni wa kitu kimoja, naye anakikosa hali akilipa fedha nyingi. Tazama gharama ya gramu 10 za protini kwa bei alizolipa Nakuru mwaka 2024. Kwa maharagwe ya shilingi 150 kilo, gramu 10 zagharimu shilingi 7. Kwa omena ya shilingi 500 kilo, ni shilingi 10. Kwa maziwa ya shilingi 60 lita, ni shilingi 18. Kwa mayai ya shilingi 15, ni shilingi 25. Kwa nyama ya ng'ombe ya shilingi 600 kilo, ni shilingi 30. Andazi moja la shilingi 10 lina gramu 3 hivi, kwa hiyo gramu 10 za protini ya andazi ni shilingi 33. Mtu aonaye kwamba nyama si ya kima chake, kisha akala mandazi matano kwa siku, analipa protini kwa bei iliyo juu kuliko ya nyama.

Mpango ulio hapa chini umefanywa kwa bei hizo hizo. Msomaji wa Kisumu au Mombasa ataweka bei za soko lake mwenyewe. Vipimo vyote ni vya chakula kikavu au kibichi, kabla hakijapikwa, na hesabu ya protini na wanga ni ya kukadiria, maana hata maharagwe ya gunia moja hayalingani yote.

Ununuzi hufanywa Jumapili, siku ambayo mlinzi huyu hana zamu. Hununua unga wa mahindi wa kusagisha kilo 2 kwa shilingi 130. Maharagwe nusu kilo, 75. Ndengu gramu 300, 48. Mahindi makavu robo kilo, 15. Omena gramu 150, 75. Mayai mawili, 30. Njugu karanga gramu 100, 25. Viazi vitamu gramu 800, 40. Mchele gramu 200, 30. Mafuta ya kupikia robo lita, 75. Sukari robo kilo pamoja na majani ya chai na chumvi, 55. Nyanya na vitunguu vya juma ni shilingi 70. Ndizi mbivu saba ni shilingi 70. Mboga za majani hununuliwa kila siku kwa shilingi 20, na maziwa robo lita kila siku kwa shilingi 15. Jumla ni shilingi 983. Makaa ya juma zima, kwa namna ya upishi itakayoelezwa, ni shilingi 200. Yote pamoja ni shilingi 1,183, ambazo ni pungufu kwa shilingi 497 kuliko alizokuwa akitumia.

Asiye na mizani asisumbuke. Siku ya kununua ayamwage maharagwe mezani na kuyagawa mafungu matano yaliyo sawa, kila fungu gramu 100. Mafungu matatu ni ya Jumatatu na Jumanne, na mawili ya Alhamisi. Ndengu hugawanywa mara mbili, na omena mara mbili. Unga wa kilo 2 hugawanywa kwa kikombe kimoja hicho hicho katika mafungu 20: moja ni la uji wa kila asubuhi, na mawili na nusu ni ya ugali wa siku moja. Kugawa mapema kuna faida, kwani mtu mwenye njaa akichota moja kwa moja katika mfuko, unga wa Ijumaa utaliwa Jumatano.

Kuna vitu ambavyo huliwa kila siku bila kubadilika. Navyo ni uji wa gramu 100 za unga, maziwa robo lita ambayo nusu yake hutiwa katika uji na nusu katika chai, sukari vijiko vichache visivyopita gramu 35, ndizi moja, na mboga za majani pamoja na nyanya. Vyote hivyo vina protini gramu 21 na wanga gramu 155. Hesabu ya kila siku iliyotolewa hapa imekwisha kujumlisha hivyo.

Siku ya Jumatatu ni ya ugali na maharagwe, na hapa ndipo mlinzi wa usiku ana nafasi ambayo mfanyakazi wa mchana hana. Maharagwe yatakayoliwa Jumatatu jioni huchaguliwa na kulowekwa Jumapili usiku kabla ya kulala. Siku nyingine huloweka jioni kabla ya kwenda zamu, nayo hulowana saa kumi na mbili wakati yeye yuko langoni. Saa moja asubuhi maji yale humwagwa, maharagwe hutiwa maji mapya yayafunike kwa vidole viwili, na kuwekwa motoni katika sufuria ndogo iliyo karibu kujaa. Hupigwa moto mkali yachemke kwa nguvu kwa dakika 20, na wakati huo huo uji hungoja zamu yake. Kisha sufuria, ikiwa imefunikwa vema, hutiwa katika kikapu kilichozungushiwa blanketi kuukuu unene wa kiganja, chini, kando na juu. Mlinzi hula uji wake na kulala. Maharagwe nayo huendelea kuiva kwa joto lake yenyewe bila makaa. Akiamka saa nane huyatoa, huyachemsha tena kwa dakika 15 au 20 hata yalainike, ndipo huunga kitunguu, nyanya na mafuta.

Mambo matatu hayana budi kushikwa katika kazi hii. Kwanza, ule mchemko wa nguvu wa asubuhi usiachwe kamwe, hasa kwa maharagwe mekundu, kwa kuwa yana sumu iondokayo kwa mchemko mkali tu. Joto dogo la kikapu peke yake haliiondoi, na mlaji atatapika. Pili, sufuria isifunguliwe kutazamwa, na itakapotolewa iwe bado ina joto lisilovumilika kwa kidole. Ikiwa imekuwa vuguvugu tu, blanketi ni jembamba au sufuria haikujaa, na maharagwe hayo yakaguliwe sana kabla ya kuchemshwa tena. Yenye povu, uteute au harufu ya uchachu hutupwa. Tatu, jiko la makaa liwe nje wakati wote. Walinzi hulala mchana wakiwa wamefunga madirisha ili kuzuia mwangaza na kelele, na hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua mtu usingizini, nayo haina harufu ya kumwamsha.

Jumatatu hiyo maharagwe huwa mafungu matatu, ya siku mbili. Nusu huungwa na kuliwa na ugali wa gramu 250 za unga saa kumi na nusu jioni. Nusu ya pili huachwa bila nyanya wala mafuta, huchemshwa hata yatokote kabla ya mlinzi kuondoka, na kuachwa yamefunikwa. Huchemshwa tena Jumanne asubuhi. Usiku wa Jumatatu huchukua gramu 50 za njugu, ambazo ni konzi moja na nusu hivi. Jumla ya siku ni protini gramu 86 na wanga gramu 441.

Jumanne ni kama Jumatatu, ila usiku badala ya njugu huchukua yai moja lililochemshwa, nalo hupelekwa na ganda lake, limenywe pale pale litakapoliwa. Protini ni gramu 80, wanga gramu 433.

Jumatano ni zamu ya omena. Samaki hawa wa Ziwa Viktoria ni dawa ya mshahara mdogo, kwani nusu ya uzito wao mkavu ni protini, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao hutia mwilini chokaa ya kuimarisha mifupa. Ubaya wao ni mchanga, na wauzaji wasioaminika. Omena njema hung'aa kama fedha na huwa kavu kabisa. Iliyogeuka rangi ya manjano, yenye harufu ya mafuta yaliyooza, au inayovunjika unga mkononi, ni ya zamani. Gramu 70 hutolewa vichwa ikiwa mtu hapendi uchungu, hulowekwa katika maji ya moto dakika chache, na kuoshwa mara tatu au nne hata maji yasiache mchanga chini ya karai. Hukaangwa kwa mafuta kidogo kwanza mpaka ikauke, ndipo vitunguu na nyanya hutiwa; anayetia nyanya mapema hupata rojo lenye shombo. Ugali ni ule ule wa gramu 250. Usiku huchukua viazi vitamu gramu 400 vilivyochemshwa na maganda. Protini ni gramu 82, wanga gramu 423.

Alhamisi hakuna ugali. Ni siku ya githeri, na katika juma zima hiki ndicho chakula kimfaacho mlinzi kuliko vingine, kwa kuwa ndicho pekee kiwezacho kuliwa jioni na tena usiku bila kubadilika ladha. Mama wa Kikuyu na wa Kikamba hawakungoja kuambiwa na mtu yeyote kwamba mahindi na maharagwe husaidiana. Lakini sababu yake ni hii. Protini hujengwa kwa vipande vya namna nyingi, na mwili huhitaji vyote. Mahindi yana uhaba wa vipande fulani ambavyo maharagwe yanavyo tele, na maharagwe yana uhaba wa kipande kingine ambacho mahindi hukitoa. Vikiliwa katika siku moja, pengo la kimoja huzibwa na kingine. Ndiyo sababu ugali na maharagwe ni bora kuliko ugali na mboga peke yake, hata kama sahani ni ya ukubwa ule ule.

Robo kilo ya mahindi na mafungu mawili ya maharagwe hulowekwa Jumatano jioni, kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi mahindi hutangulia motoni kwa muda wa saa moja, kwani ni magumu. Hapo maharagwe huongezwa, yote huchemka kwa nguvu dakika 20, na sufuria huingia kikapuni. Hii ndiyo siku moja ambayo mlinzi huchelewa kulala. Asiyeweza kuvumilia atumie mahindi yaliyokobolewa, ambayo huiva upesi, ila atapoteza ganda na kiini chenye mafuta na protini. Alasiri githeri huchemshwa tena na kuungwa kwa kitunguu na sukuma wiki. Theluthi mbili huliwa saa kumi na nusu. Theluthi moja hutiwa, ingali ikitokota, katika chupa ya chakula yenye mdomo mpana iliyotangulia kusuuzwa kwa maji ya moto. Protini ni gramu 87, wanga gramu 460.

Ijumaa ni ndengu fungu moja, yaani gramu 150, pamoja na ugali na njugu za usiku: protini gramu 89, wanga gramu 441. Ndengu hazihitaji kulowekwa usiku kucha, na kwa siku ambayo mtu amechoka hilo si jambo dogo. Jumamosi hurudi omena na viazi vitamu, kwa hesabu ile ile ya Jumatano, 82 na 423. Jumapili, siku ya mapumziko, hupikwa wali wa gramu 200 za mchele, ndengu zilizobaki, na yai la pili: protini gramu 77, wanga gramu 403. Wastani wa juma ni protini gramu 83 na wanga gramu 432 kwa siku. Wanga, kama aonavyo msomaji, umebaki karibu pale pale ulipokuwa wakati wa mandazi. Kilichobadilika ni ile protini iliyotoka 49 hata 83, na sukari iliyopungua.

Sasa kuhusu saa za kula. Mwili wa binadamu huweka saa yake hata kama mwenyewe yuko macho, na usiku wa manane hauwezi kuutumia wanga na sukari vema kama uwezavyo mchana. Mlo mzito unaoliwa saa nane au saa tisa ya usiku huacha sukari nyingi katika damu kwa muda mrefu, huongeza usingizi katika saa zile zile ambazo mwizi hupenda, na mara nyingi huleta kiungulia. Kwa hiyo mlo mkubwa ni wa saa kumi na nusu jioni, kabla ya zamu. Chakula cha usiku ni kidogo, nacho huliwa baina ya saa tano na saa sita. Baada ya hapo ni maji tu hata asubuhi. Uji wa saa moja asubuhi ni mwepesi kwa makusudi, umzuie mtu kuamshwa na njaa saa tano mchana lakini usimlemee tumboni. Ndizi huliwa akiamka saa nane.

Chai nayo ina mpaka wake. Nguvu yake ya kuondoa usingizi hupungua polepole sana. Baada ya saa tano au sita nusu yake ingali mwilini. Mlinzi anywaye chai saa kumi ya alfajiri hujiona amejisaidia, kisha saa tatu mchana hugeuka-geuka kitandani na kulaumu watoto wa jirani. Vikombe viwili vyatosha: kimoja saa tatu usiku na cha mwisho kabla ya saa saba. Tena chai isinywewe pamoja na ule mlo wa jioni, kwa sababu huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Iwe mbali na chakula kwa saa moja. Nyanya mbichi iliyokatwa-katwa, au matone ya limau juu ya maharagwe, hufanya kinyume chake, huyasaidia madini hayo kuingia.

Ugali na wali havikuwekwa katika chakula cha usiku kwa sababu maalumu. Ugali uliopoa hauliki kwa furaha, hilo lajulikana. Wali ni hatari zaidi, kwa kuwa mchele huwa na vijidudu visivyokufa kwa kuchemshwa mara moja, na wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi katika kopo lililofungwa, vijidudu hivyo huzaa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Mtu hutapika kabla ya mapambazuko, na hulaumu maji ya bomba. Njugu, yai lenye ganda, viazi vitamu vyenye maganda, na githeri iliyo moto kweli ndivyo vifaavyo kubebwa.

Kuna mahali ambapo uchumi waweza kumponza mtu, napo ni katika mahindi na njugu za bei ya chini mno. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga. Kwa hiyo mahindi ya kusagisha yatazamwe kabla ya kuingia mashineni: punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizonyauka au zenye harufu ya ukungu, hutolewa, na kama ni nyingi, gunia zima liachwe. Njugu iliyo chungu mdomoni itemwe. Unga uliokwisha kusagwa hauonyeshi lolote, hivyo anayenunua unga wa mashine ya mtaani afadhali anunue mahindi mwenyewe na kusimama hapo yanaposagwa. Unga wa paketi una faida ya kuongezewa vitamini na madini, kama sheria ya Kenya ilivyotaka tangu mwaka 2012, lakini bei yake kwa kawaida hupita ule wa kusagisha, na katika mpango huu mboga za kila siku na omena hushika sehemu ya nafasi hiyo.

Yako pia matumizi ya mwanzo. Chupa ya chai na chupa ya chakula zilimgharimu mlinzi huyu shilingi 900 kwa pamoja, na hakuwa nazo mkononi. Alianza kwa njugu, mayai na viazi vitamu, ambavyo havihitaji chupa, akaiacha githeri hata juma la tatu. Kikapu alikuwa nacho tayari, na blanketi lilikuwa la zamani.

Bei nazo hazitulii. Katika miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa, bei yake hupanda, na hapo fungu la gramu 70 labadilishwa kwa gramu 150 za maharagwe au ndengu, ambazo hutoa karibu protini ile ile ya gramu 35, ingawa wanga utazidi kwa gramu 90 na hivyo viazi vitamu vya usiku viachwe. Mayai hayafai kuwa badala yake, kwa sababu yangehitajika sita, yaani shilingi 90 kwa kitu kilichokuwa cha shilingi 35. Maharagwe nayo yakipanda, ndengu, njahi au mbaazi huchukua nafasi yake kwa uzito ule ule. Kitu kisichofaa kupunguzwa ni kunde zenyewe. Aliyebanwa sana aanze kwa kuacha sukari na ndizi.

Mpango huu ni wa mtu mzima mwenye afya. Mwenye ugonjwa wa sukari au wa figo asiufuate kabla ya kuuonyesha kwa daktari, kwa maana wanga wa gramu 432 ni mwingi kwa wa kwanza, na protini ya gramu 83 yaweza kuwa nyingi kwa wa pili. Mlinzi mwenye mwili mkubwa, au azungukaye kiwanja kikubwa usiku kucha, ajipime uzito dukani kila baada ya majuma mawili. Akiona unashuka, aongeze nusu fungu la unga katika ugali, yaani gramu 50, ambazo ni shilingi 3 na senti kidogo kwa siku. Tumbo likijaa hewa katika juma la kwanza, asiyaache maharagwe. Aanze na nusu ya kipimo na kuongeza kidogo kidogo, na asisahau kumwaga yale maji ya kulowekea.

Mlinzi wa Nakuru aliuliza tena jambo moja mwishoni mwa barua yake: mwenye kibanda cha chai ni rafiki yake, naye humpa habari za watu wapitao usiku, je, amwache? Hakuna haja. Kikombe kimoja cha chai kwake, kabla ya saa saba, ni shilingi 20, na kikihesabiwa badala ya kile cha chupa, juma litapanda kwa shilingi 120 kwa zamu sita. Bado zitabaki shilingi 377.